Tangazo la sekunde 15 la kanzu za Idi: ndoano tatu, na ipi umpe fundi wako

Fundi wa kanzu hana msimu mwingine unaofanana na Ramadhani. Kazi anayoipata kati ya mwezi kuandama na siku ya Idi ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mwaka wake, na siku hizi wateja wengi humwona kwanza kwenye simu kabla hawajafika dukani. Kwa hiyo anakuja kwako wewe mwandishi wa matangazo, au anakaa mwenyewe na mpwa wake mwenye simu nzuri, na swali ni moja: video ya sekunde 15 ianze vipi?

Nimechukua fundi mmoja wa mfano, wa Kariakoo, mwenye cherehani nne na mafundi wanne, anayeshona kanzu za wakubwa na za watoto kwa vipimo. Nimemwandikia skripti tatu zinazouza kitu kilekile, kwa tarehe zilezile, na zote zinamtaka mteja afanye jambo moja: atume neno KANZU kwenye WhatsApp ya duka. Zinatofautiana kwenye ndoano, yaani sekunde tatu za mwanzo zinazomfanya mtu asimame, na tofauti hiyo inabadilisha nani atakayesimama kuangalia.

Kwanza tukubaliane kuhusu tarehe, maana hapa ndipo matangazo mengi ya Idi yanapoharibikia. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kalenda ya kawaida kwa siku kama 10 au 11, kwa hiyo Idi inasogea nyuma kila mwaka. Idi el-Fitri ya 2026 iliangukia karibu na tarehe 20 Machi, na ya 2027 inatarajiwa karibu na tarehe 10 Machi. Kwa kuwa mwezi huandama kwa kuonekana, huwezi kuandika kwenye tangazo kwamba Idi ni siku fulani. Ukihesabu kwa Ramadhani, ukasema "mwisho wa oda ni mfungo wa kumi na tano", nako kuna tatizo: mtaani kwetu wapo wanaoanza kufunga siku moja mapema kwa kufuata mwandamo wa nchi nyingine, na mfungo wao wa kumi na tano si wako. Dawa ni kutaja tarehe za kalenda ya ukutani. Kwa fundi wetu, msimu wa 2027, oda zinafungwa Jumamosi tarehe 20 Februari na kanzu zinachukuliwa Jumamosi tarehe 6 Machi. Mwezi uandame usiandame, tarehe hizo hazitikisiki.

Jambo la pili ni nafasi ya maneno. Mashauri mengi yaliyoko mtandaoni yameandikwa kwa ajili ya Kiingereza, na yanakupa maneno 35 hadi 40 kwa sekunde 15. Usiyafuate. Kiswahili kinabeba silabi nyingi ndani ya neno moja. "Tutakwambia" peke yake ni silabi tano. Mtu anayesema kwa utulivu, akasikika hata kwenye spika ya simu ndogo, hupita takriban maneno mawili kwa sekunde. Na ukishatoa sekunde moja au mbili za kuachia picha ipumue, unabaki na maneno kati ya 22 na 28. Skripti zote tatu hapa chini zimo ndani ya kipimo hicho. Ukiongeza sentensi moja tu ya "bei zetu ni nafuu na huduma zetu ni bora", itabidi msemaji akimbize, na anayekimbiza maneno hasikiki.

Skripti ya kwanza: mkono mmoja

Sekunde 0 hadi 3. Sebuleni, asubuhi. Mtoto wa miaka sita au saba amesimama mbele ya kamera, kofia kichwani, kanzu nyeupe, lakini mkono wa kushoto wa kanzu haupo. Uzi unaning'inia begani. Maandishi juu ya skrini: "Asubuhi ya Idi…" Mtoto anasema: "Baba, mkono mwingine uko wapi?"

Sekunde 3 hadi 5. Baba ana simu sikioni, amevaa kikoi na fulana. "Fundi hapokei simu."

Sekunde 5 hadi 11. Sauti ya cherehani inaingia kabla ya picha. Dukani: fundi anaitundika kanzu iliyokamilika kwenye reli yenye kanzu nyingine nyingi, kila moja na kikaratasi cha jina. "Kwetu kanzu ya Idi inatoka tarehe sita Machi, imepigwa pasi."

Sekunde 11 hadi 15. Mtoto yuleyule, mikono yote miwili, anainyoosha kama ndege. Maandishi: tarehe ya mwisho, namba ya WhatsApp, jina la duka. Sauti: "Oda mwisho Februari ishirini. Tuma neno kanzu WhatsApp."

Maneno 26.

Skripti ya pili: daftari linafungwa

Sekunde 0 hadi 3. Daftari la oda liko wazi mezani, limejaa majina na vipimo kwa mwandiko wa fundi. Mkono unalifunga kwa kishindo, pa! Fundi anatazama kamera: "Februari ishirini tunafunga daftari la Idi."

Sekunde 3 hadi 8. Cherehani nne kwa safu, wote wanashona. "Tuna mafundi wanne, na kila mmoja ana mikono miwili."

Sekunde 8 hadi 12. Fundi, uso wa upole: "Ukija tarehe ishirini na moja, tutakwambia hapana."

Sekunde 12 hadi 15. Daftari linafunguliwa tena kwenye mstari mmoja mtupu. "Tuma neno kanzu WhatsApp tukuwekee nafasi."

Maneno 28, na hapo ndipo kikomo.

Skripti ya tatu: kitambaa kuwa kanzu

Sekunde 0 hadi 3. Baba anarusha kitambaa cheupe kuelekea kamera, kinaijaza skrini nzima. Kinapoanguka, baba na wanawe watatu wamesimama wamevalia kanzu. "Kitambaa kimoja, baba na wanawe watatu."

Sekunde 3 hadi 9. Karibu kabisa: tarizi ya shingoni, kifungo, pindo la mkono, kofia ya mkono inayokaa sawa kichwani. "Kila mtu vipimo vyake, kila mtu tarizi yake."

Sekunde 9 hadi 15. Wanatembea wanne kwa pamoja barazani. Tarehe na namba kwenye skrini. "Oda mwisho Februari ishirini. Tuma neno kanzu WhatsApp."

Maneno 22, na picha ina nafasi ya kupumua.

Ukiziweka bega kwa bega, zinaonekana hivi:

| | Mkono mmoja | Daftari | Kitambaa |
|---|---|---|---|
| Inaeleweka bila sauti? | Ndiyo, mara moja | Nusu. Inahitaji maandishi | Inapendeza, lakini haisemi jambo |
| Inamgusa nani? | Hata asiyelijua duka | Anayekufahamu tayari | Anayependa kuvaa, anayetafuta sare ya familia |
| Kuipiga | Mtoto, baba, sebule, kanzu isiyokamilika | Fundi, daftari, simu moja | Kanzu nne zilizokamilika na mtu anayejua kuhariri |
| Inakufa lini? | Siku oda zinapofungwa | Siku hiyohiyo | Inabaki hadi usiku wa Idi, ukibadilisha mwisho |

Jedwali halisemi kwa nini, na kwa nini ndiyo inayokusaidia kuchagua.

Skripti ya kwanza ina nguvu kwa sababu jicho linaona kasoro kabla akili haijajua ni tangazo. Kanzu ya mkono mmoja ni kitu kinachohitaji maelezo, na mtu hawezi kupita bila kupata maelezo hayo. Tena kasoro yenyewe si ya kubuni. Kila aliyewahi kupeleka kitambaa kwa fundi siku za mwisho za Ramadhani anaijua hofu ile: unaambiwa njoo kesho, unaambiwa njoo baada ya futari, mkesha wa Idi uko dukani saa tano usiku na kanzu yako bado ipo mezani imekatwa tu. Tangazo halimfundishi mteja tatizo jipya, linamkumbusha lile analolijua, halafu linataja tarehe. Ahadi ya tarehe 6 Machi ina uzito kwa sababu mtoto alitangulia kuuliza.

Faida nyingine ni ukimya. Watu wengi hupitia simu bila sauti, na wakati wa Ramadhani ukimya huo una saa zake: anayesubiri daku huku nyumba nzima imelala hafungui sauti, na aliyeketi msikitini akingoja tarawehe ndiyo kabisa. Zima sauti kwenye skripti ya kwanza na bado utaielewa yote. Zima sauti kwenye ile ya daftari, utaona mkono unafunga daftari na mzee anaongea. Usipoweka maandishi makubwa ya tarehe tangu picha ya kwanza, hakuna kilichobaki.

Lakini skripti ya kwanza ina hatari mbili, na zote hutokea. Ya kwanza: mtu anacheka, anamtumia dada yake, dada naye anacheka, na hakuna anayekumbuka duka. Hii hutokea pale kichekesho kinapojitosheleza, yaani hadithi inaisha kwa baba na simu, halafu tangazo linakuja kama mkia. Ndiyo maana sauti ya cherehani inaingia kwenye sekunde ya 5, picha ya baba ikiwa bado ipo, na ndiyo maana mtoto yuleyule anarudi mwishoni na mikono miwili. Duka liwe ndilo linalomaliza hadithi. Hatari ya pili ni kubwa zaidi kwa fundi: anayeangalia sekunde mbili tu na kuondoka ameona kanzu mbovu, na akiona jina la duka pembeni, ataunganisha hayo mawili. Kwa hiyo jina na nembo visionekane kabisa kabla ya sekunde ya 5. Wenye maduka hulipinga hili kwa nguvu, wanataka nembo kona ya juu tangu mwanzo hadi mwisho. Kwenye skripti hii, wakatalie.

Na ipo sharti moja lisilo la kamera. Kama fundi wako mwenyewe alichelewesha kanzu za watu mwaka jana, usimpigie tangazo hili. Watakaoandika chini ya video watakuwa ni wateja wale wale, na wataandika kweli.

Skripti ya daftari naiheshimu kwa jambo moja: ukweli wake unahesabika. Mafundi wanne, mikono minane, siku zinajulikana. Mteja anaamini kwa sababu anaona daftari limejaa mwandiko halisi, lenye makunyanzi na madoa ya chai. (Funika namba za simu za wateja kwa rula au kipande cha kitambaa kabla hujapiga, kamera za sasa zinasoma kila kitu, na hizo ni taarifa za watu.) Inapigwa kwa dakika chache, fundi mwenyewe anatosha, na haihitaji mtoto wala sebule ya mtu.

Udhaifu wake ni kwamba tarehe ya mwisho inamshtua mtu ambaye tayari alikuwa na nia. Mtu asiyekujua hana daftari lako akilini. Kufungwa kwake hakumpunguzii kitu. Kwa hiyo pesa za kulipia tangazo lionekane kwa watu wapya usizimwage kwenye skripti hii. Mahali pake ni kwenye Status ya WhatsApp ya duka na kwa wanaokufuata tayari, katika wiki moja kabla ya tarehe 20 Februari. Hapo inafanya kazi kuliko nyingine zote, kwa sababu wanaoiona ni watu walioshonewa mwaka jana na wamekuwa wakijiambia "nitampelekea fundi wiki hii".

Hapa pia kuna jambo linaloweza kuliua tangazo la mwaka ujao: fundi anasema anafunga tarehe 20, halafu tarehe 24 anapokea kitambaa cha jirani. Habari hiyo inasambaa mtaani kwa jioni moja. Mwaka unaofuata, daftari likifungwa kwa kishindo, watu watajua bado liko wazi. Ukiandika skripti hii, kaa kwanza na fundi mkubaliane kwamba tarehe ni ya kweli, na kama anajua ana ndugu asioweza kuwakatalia, basi nafasi zao ziandikwe mapema kabla hamjahesabu zilizobaki.

Skripti ya kitambaa ndiyo ambayo wenye maduka huipenda kwa haraka, na naelewa. Ni nzuri kuitazama. Tatizo ni kwamba sekunde yake ya kwanza haina habari. Kitambaa cheupe kinachorushwa kinaweza kuwa tangazo la sabuni, la shuka, la saluni. Ujanja wa kukata picha wakati skrini imefunikwa umetumika sana kiasi kwamba mtazamaji anajua kitakachofuata kabla hakijafuata. Ukitaka kuiokoa, igeuze: anza na baba na wanawe watatu wamesimama kwa safu ya urefu, kanzu zote tarizi tofauti, kisha kitambaa kije baadaye. Familia iliyovaa sare ina habari ndani yake. Mama anayetazama anawahesabu wanawe kichwani papo hapo.

Gharama yake nayo si ndogo. Ili uipige mwanzoni mwa Ramadhani, kanzu nne lazima ziwe zimeshonwa Shaabani, na kupigwa pasi, na kuwapata watu wanne wa kuzivaa. Kwa duka lenye kanzu za tayari hilo ni jepesi. Kwa fundi wa vipimo, hizo ni kanzu nne ambazo hakuna aliyezilipia, isipokuwa ukiwapata wateja wake halisi wakubali kupigwa siku wanapozichukua.

Sasa suala ambalo kwa sisi Waswahili lina uzito wake: salamu. Tumelelewa kwamba huanzi kusema na watu bila kuwasalimu, na mwezi mtukufu ndio kabisa. Ndiyo maana matangazo mengi ya Ramadhani yanafungua kwa "Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu mtazamaji, tunawatakia Ramadhani Karim", huku mwezi mwandamo na fanusi vikielea. Hesabu kwa saa yako: hiyo ni sekunde tano au sita, theluthi nzima ya tangazo. Tena benki, kampuni ya simu na duka la jirani wote wamefungua hivyohivyo, kwa mwezi uleule na fanusi ileile, kwa hiyo kidole kinapita kabla jina halijatajwa. Kwenye YouTube kitufe cha kuruka tangazo hutokea baada ya sekunde 5. Salamu yako itaisha na mtu ataondoka.

Wapo watakaosema kuacha salamu ni kukosa adabu. Mimi naona adabu inategemea nani anamwambia nani. Kwenye skripti ya kwanza, anayesema kwanza ni mtoto kwa baba yake, nyumbani kwao. Hakuna aliyeingia kwako bila hodi. Salamu ya duka inakaa mwishoni, kwenye maandishi, "Idi Mubarak", pale ambapo mtu amekwisha kubali kukusikiliza. Kwenye ile ya daftari, ambapo fundi anatazama kamera na kusema na mtazamaji moja kwa moja, salamu inakosekana zaidi, na ningeiandika kwenye kapsheni juu ya mambo mengine yote. Jambo ambalo nisingefanya kwenye skripti yoyote kati ya hizi ni kutumia takbira au adhana kama ndoano. Ni kweli takbira ya asubuhi ya Idi itamsimamisha mtu. Itamsimamisha kwa sababu ya ibada, kisha utamwonyesha bei ya tarizi, na wengi watachukia, kwa haki yao. Sauti ya cherehani inatosha, na ni yako. Hata qaswida ya dufu usiichukue mtandaoni bila ruhusa. Akaunti ya biashara kwenye TikTok huruhusiwa muziki wa maktaba ya kibiashara tu, na video yenye sauti isiyoruhusiwa inaweza kunyamazishwa katikati ya msimu.

Kwenye kupiga picha, kanzu nyeupe inasumbua simu kuliko unavyodhani. Simu ikiona nyeupe nyingi hujaribu kuipunguza, na sura za watu zinakuwa nyeusi tii. Ukiigusa skrini usoni, sura zinang'aa lakini kanzu inakuwa karatasi tupu, tarizi yote imepotea. Na tarizi ndiyo unayoiuza. Msimamishe mtoto kando ya mlango au dirisha ili mwanga umpige ubavuni, kwa sababu mwanga wa ubavu unazitoa nyuzi za tarizi kwa vivuli vyake. Gandamiza kidole kwenye kanzu hadi simu ifunge mwanga, kisha pandisha mwanga kidogo kwa kidole. Ukuta wa nyuma usiwe mweupe. Wa kijani, wa bluu, hata pazia la rangi litafaa. Ujue umepatia kwa kuitazama video kwenye simu ya bei nafuu, nje, juani: kama bado unaziona nyuzi za shingoni na mkono usiokuwepo, iache hivyo.

Piga kwa wima, kipimo 1080 x 1920, na maandishi yako yakae theluthi ya juu kushuka hadi katikati. Chini kabisa hufunikwa na kapsheni, kulia na vitufe. Mara nyingi namba ya WhatsApp iliyoandikwa chini inasomeka vizuri unapohariri kwenye programu ya CapCut na haionekani kabisa video ikishapandishwa.

Ukitaka kuhakikisha badala ya kubishana na mwenye duka, tumia ujanja huu: mkia wa skripti ya kwanza, kuanzia sekunde ya 5 hadi ya 15, unaweza kubaki uleule huku ukibadilisha mwanzo peke yake. Piga mwanzo wa mtoto, piga na mwanzo wa daftari, gandisha kila mmoja kwenye mkia huo, bila picha ya mtoto kurudi mwishoni kwenye ile ya daftari. Lipia zote mbili kiasi kilekile, siku zilezile, kwa watu wa eneo lilelile. Kwenye matangazo ya Facebook na Instagram utaona safu mbili zinazokuhusu: `3-second video plays`, na `ThruPlays`, ambayo kwa video ya sekunde 15 humaanisha imetazamwa hadi mwisho.

Chukua mfano wa hesabu. Video imeonyeshwa mara 10,000. Sekunde tatu zimefikiwa mara 3,000, mwisho umefikiwa mara 400, na WhatsApp zimeingia jumbe 6. Hapo ndoano imefanya kazi, kwani asilimia 30 wamesimama, lakini kuna kitu kinawafukuza katikati; mara nyingi ni ile hatari niliyoisema, kichekesho kimekwisha kwenye sekunde ya 5 na tangazo limeanza upya. Vuta sauti ya cherehani iingie mapema zaidi, na fupisha baba na simu. Sasa chukua nyingine: sekunde tatu mara 900, mwisho mara 500, jumbe 14. Wachache walisimama, lakini waliosimama walibaki na wakatuma. Hiyo ndiyo sura ya daftari ikionyeshwa kwa watu wapya, na inakuambia uipeleke kwa wanaokufahamu badala ya kuitupa. Ukitazama sekunde tatu peke yake utaichagua ya kwanza, ukitazama jumbe peke yake utaichagua ya pili. Anayeamua ni jumbe, kwa sababu fundi analipwa kwa oda, lakini sekunde tatu zinakuonyesha wapi pa kukarabati. Ukiwa na jumbe chache namna hii, usiamue kwa siku moja. Zipe zote mbili wikendi nzima, maana Ijumaa na Jumamosi mitaani si sawa na Jumanne.

Kama bajeti ni ya video moja tu, namchagulia fundi huyu skripti ya mkono mmoja, ianze kuonekana wiki ya mwisho ya Shaabani na iendelee kumi la kwanza lote. Ndiyo pekee kati ya hizi inayompata mteja asiyemjua fundi, na kwa fundi wa vipimo mteja mpya ana thamani ya miaka, kwa sababu vipimo vyake vinabaki kwenye daftari. Kama kuna nafasi ya video ya pili, daftari lipigwe siku hiyohiyo, kwa kuwa halina gharama, na litolewe kuanzia Jumamosi tarehe 13 Februari. Ile ya kitambaa ningewaachia wenye kanzu za tayari, au fundi aliyebakiwa na akiba ya kanzu za watoto baada ya oda kufungwa. Huyo anaweza kuikata upya: aondoe mstari wa oda mwisho, aweke "Zipo tayari, saizi za miaka 4 hadi 12", na kuiachia kumi la mwisho.

Na usiku wa tarehe 20 Februari, kabla fundi hajalala, zima malipo ya tangazo la mkono mmoja na uliondoe kwenye ukurasa. Likiendelea kuzunguka tarehe 25, litaendelea kuleta watu, kila mmoja ameshika kitambaa mkononi na picha ya yule mtoto kichwani, na fundi itabidi awajibu mmoja mmoja kwamba hawezi.